Rasimu ya mkataba kutoka upande wa pili: laptopu inaonyesha safi, simu inaonyesha komenti zao za siri. Kwa nini?

Karani Makole (mleta mada) #1
Wakuu habari. Nafanya kazi ofisi ya wakili hapa Dodoma, napokea nyaraka na kuziandaa. Mteja wetu ananunua alizeti na anataka kupanga ghala Kizota. Jana jioni wakili wa mwenye ghala katutumia rasimu ya mkataba kwa WhatsApp, faili la Word. Nikaifungua kwenye laptopu ya ofisi yenye Word 2016. Safi kabisa, kurasa saba, kodi 4,500,000 kwa mwezi.

Leo asubuhi nikiwa kwenye daladala nikaifungua kwa WPS ya simu nisome kifungu cha matengenezo. Pembeni ya kifungu cha kodi nikakuta komenti: "Mteja anakubali mpaka 3,800,000 akilipwa miezi sita mbele. Tusiwaambie kwanza." Chini yake mtu mwingine kajibu: "Sawa, naacha 4.5."

Nimerudi kwenye laptopu, faili lilelile, komenti hakuna. Nauliza mawili. Inawezekanaje faili moja lionekane tofauti hivyo? Na je, nimwonyeshe bosi au ninyamaze? Yuko Singida mahakamani, hajaisoma.

Mzee wa Kizota #2
Unauliza kama umwonyeshe? Mwonyeshe sasa hivi, na mteja aambiwe aseme 3,700,000 halafu apande taratibu. Hukuiba wala hukuvunja mlango, wameileta wenyewe mikononi mwako.

Fundi wa Nkuhungu #3
Nianze na swali la kwanza. Faili la Word unaliona kama karatasi moja, lakini ndani ni furushi la mafaili madogo. Chukua nakala ya faili lako lolote, badilisha jina mwishoni kutoka .docx kuwa .zip, ufungue. Utakuta kitu kama hiki:

```
word/document.xml
word/comments.xml
word/settings.xml
docProps/core.xml
```

Mkataba wenyewe uko kwenye document.xml. Komenti ziko kwenye faili lake pembeni, na document.xml ina alama tu za kusema komenti fulani inaanzia hapa inaishia hapa. Programu inayofungua ndiyo inaamua ikuonyeshe au isikuonyeshe. Word ina sehemu ya Review yenye kisanduku cha kuchagua mwonekano. Ukiweka No Markup, komenti na mabadiliko yote yanapotea machoni, na hakuna hata herufi moja iliyoondoka kwenye faili. WPS ya simu haifuati chaguo hilo, inamwaga kila kitu.

Kwa hiyo dhana yangu ni kwamba aliyetuma aliona ukurasa msafi akadhani faili ni safi. Angalia laptopu yako hapo Review imeandikwa nini.

Mwanachuo wa Ng'ong'ona #4
Fundi samahani, kuna kitu hakikai sawa. WhatsApp inajulikana kuondoa taarifa zote za ndani za kitu unachotuma. Komenti zisingefika. Nadhani mleta mada alipata pia toleo lingine kwa barua pepe, akachanganya.

Fundi wa Nkuhungu #5
@Mwanachuo hiyo ni kweli kwa picha. Ukituma picha kama picha, WhatsApp inaibana upya, na taarifa za mahali ilipopigwa zinapotea. Ukituma kama dokumenti haiguswi, inafika kama ilivyotoka. Jaribu: tuma faili la Word, lipakue upande wa pili, linganisha ukubwa. Ni uleule.

Karani Makole #6
Mwanachuo, faili ni moja tu, halikuja kwa barua pepe. Fundi, nimeangalia, Review imeandikwa "No Markup". Lakini mimi sikuiweka hivyo, na mikataba mingine ikifunguliwa hapa komenti zinaonekana.

Steshenari Jamatini #7
Mimi nachapa mikataba ya watu kila siku. Hapo labda si komenti, ni maandishi yaliyofichwa. Kuna mahali kwenye Font unaweka tiki ya Hidden, maneno yanatoweka hata ukichapa kwenye karatasi hayatoki. Baadhi yetu tunaacha hivyo maelekezo ndani ya mikataba ya mfano ili mteja asiyaone. Bonyeza kile kitufe chenye alama ya ¶ uone.

Karani Makole #8
Nimebonyeza, hakuna kitu. Na ile niliyoiona kwenye simu ilikuwa na jina la mtu na saa, iko kwenye kiputo pembeni. Lakini asante, sikujua hilo la Hidden.

Alizeti ya Singida #9
Naomba nisaidiwe na mimi. Nilituma mkataba wa gunia za alizeti kwa namba isiyo yake, na muda wa kufuta kwa wote umepita. Kuna namna ya kuufuta kwenye simu ya huyo mtu?

Binti Kondoa #10
@Alizeti hapana, mpigie tu umwombe. Hapa tunazungumzia kilicho ndani ya faili.

Wakili Area C #11
Nimesoma yote, nataka nimsimamishe mleta mada hapohapo alipo. Komenti uliyoiona kwa bahati umeiona, hilo haliwezi kurudi nyuma. Lakini usiende kufungua zip ya faili lao kutafuta zaidi. Yale ni mazungumzo ya ndani ya ofisi ya mwenzetu kuhusu maelekezo ya mteja wake. Sheria ya Ushahidi inalinda mawasiliano ya wakili na mteja wake, na siku mkitaka kuitumia komenti ile popote, swali la kwanza litakuwa mliipataje na mlichimba kiasi gani.

Ushauri wangu: usiisambaze, usimpelekee mteja, mpigie bosi umwambie kuna kitu kimekuja kwa makosa bila kumsomea kiwango. Yeye ndiye ataamua kumjulisha wakili mwenzake.

Mzee wa Kizota #12
Mheshimiwa wakili, mteja wa huyu dada analipa ili atetewe. Leo amefichwa kwamba anaweza kuokoa 700,000 kila mwezi. Kwa miaka miwili ya mkataba ni 16,800,000. Akija kujua ofisi yake ilijua ikanyamaza, atawaelewa?

Wakili Area C #13
Hoja yako ni nzito na siibezi. Wajibu kwa mteja upo. Ila bosi wake ana wajibu pia kwa wakili mwenzake na kwa mahakama, na karani hana mamlaka ya kuamua kwa niaba yake. Ndiyo maana nasema ampigie.

Mwanachuo wa Ng'ong'ona #14
Hili limewagawa hata Wamarekani. Kamati ya maadili ya mawakili wa jimbo la New York mwaka 2001 ilisema wakili hapaswi kupekua taarifa zilizojificha kwenye faili la mwenzake. Mwaka 2006 chama cha mawakili cha kitaifa, ABA, kwenye maoni yake namba 06-442 kikasema kanuni zao hazikatazi kutazama, ila ukigundua kitu kimekuja kwa makosa mjulishe aliyetuma. Nchi moja, majibu mawili.

Na mwaka 2004 kampuni ya SCO iliishtaki DaimlerChrysler. Waandishi wakafungua faili la Word la hati ya madai wakakuta kumbe awali iliandaliwa dhidi ya Bank of America. Jina lilifutwa lakini faili lilikumbuka.

Wakili Area C #15
Safi kijana. Lakini hayo ni ya kwao, bosi wa mleta mada hatapima mwenendo wake kwa kanuni za New York. Kwetu naona busara iwe kujulisha.

Mzee wa Kizota #16
Niulize kitu ambacho hakuna aliyekiuliza. Nani kasema komenti ile ni bahati mbaya? Mimi nimepangisha na kupanga maghala miaka mingi. Mwenye ghala anayetaka 3,800,000 halafu anaogopa utamwambia 3,000,000, akuachie "siri" kwamba mwisho wake ni 3,800,000. Wewe unafurahi, unakwenda moja kwa moja kwenye namba aliyoitaka, na miezi sita mbele unampa. Angalieni hiyo "miezi sita mbele" ilivyowekwa vizuri.

Binti Kondoa #17
Eh Mzee! Hiyo sikuifikiria kabisa.

Fundi wa Nkuhungu #18
Inawezekana, na kiufundi hakuna cha kuikanusha. Komenti ya mtego na komenti iliyosahaulika zinaandikwa sawasawa ndani ya faili.

Naheshimu alichosema Wakili, kwa hiyo tuliache faili lao. Mleta mada, tengeneza la kwako. Andika aya moja, weka komenti, chagua No Markup, hifadhi, jitumie kwa WhatsApp, fungua kwenye simu. Kisha tengeneza la pili: weka komenti ileile, acha mwonekano wa kawaida, lakini bonyeza ile ya kumaliza komenti, Resolve au Mark Comment Done kutegemea toleo. Nauliza hivyo kwa sababu nina dhana mbili. Kwenye Word mpya za kulipia kwa mwezi, komenti iliyomalizwa inaondoka pembeni ya ukurasa, unaikuta tu ukifungua orodha ya komenti. Watu wengi wanadhani wameifuta.

Karani Makole #19
Nimefanya wakati wa chakula cha mchana. Faili la kwanza: nilipolifungua tena kwenye laptopu komenti haikuonekana, kwenye simu ikaonekana. La pili: kwenye laptopu komenti ilionekana lakini imefifia rangi ya kijivu, kwenye simu ikaonekana kama kawaida.

Nikafungua na zip ya faili langu la kwanza. Nimekuta hivi:

```
comments.xml:  w:date="2025-11-12T13:20:00Z"
core.xml:      modified 2025-11-12T10:26:00Z
```

Mwanachuo wa Ng'ong'ona #20
Ngoja kwanza. Komenti ya saa 13:20, lakini faili lilihifadhiwa mara ya mwisho saa 10:26? Komenti imeingia karibu saa tatu baada ya faili kufungwa. Hiyo ndiyo njia ya kumjibu Mzee. Faili la wale wakili likiwa na pengo kama hilo, ni ushahidi kwamba komenti ilipandikizwa baadaye kwa programu nyingine.

Fundi wa Nkuhungu #21
Taratibu kijana, kwa hoja hiyo mleta mada kajipandikizia komenti mwenyewe mchana huu. 🙂

Angalia ile Z mwishoni. Maana yake saa ya dunia, ile ya Greenwich, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Kwenye core.xml Word inaandika saa ya dunia kweli: 10:26 ni saa 13:26 kwetu, yaani saa saba na dakika ishirini na sita mchana. Lakini kwenye komenti na kwenye mabadiliko yanayofuatiliwa, Word kwa miaka mingi imeandika saa ya kompyuta ya hapa halafu ikabandika Z hivyohivyo. 13:20 ni saa saba na dakika ishirini ya hapa Dodoma. Kwa hiyo komenti iliandikwa, dakika sita baadaye faili likahifadhiwa. Hakuna pengo. Matoleo mapya yanaongeza alama nyingine yenye saa sahihi ya dunia kwa sababu ya mkanganyiko huu.

Nimesisitiza kwa sababu nimeona mtu akisimama kikaoni kutaka kumwita mwenzake mghushi kwa tofauti ya saa tatu kamili. Ukiona saa tatu kamili Tanzania, anza kushuku saa kabla ya kumshuku mtu.

Mwanachuo wa Ng'ong'ona #22
Nimekuelewa, asante.

Steshenari Jamatini #23
Na jina la mwandishi je? Kuna kesi ya kiwanja, ndugu mmoja alikuja dukani kwangu kwa hasira. Faili la mkataba wa mauziano lina Author jina la duka langu, akadai mimi ndiye nilibuni mkataba na mzee wao hakuhusika. Mzee alikuja mwenyewe na karatasi ya mkono, nikachapa. Ikabidi niitwe kueleza kwenye baraza.

Fundi wa Nkuhungu #24
Umenikumbusha jambo zuri. Author ni jina lililojazwa Word ilipowekwa kwenye kompyuta ile, si alama ya kidole. Nusu ya kompyuta za mji huu zinasema "user" au "hp". Na mkataba ukitengenezwa kwa kufungua wa zamani na kubadilisha majina, Author anabaki yule wa zamani. Jina hilo ni sababu ya kuuliza, halithibitishi nani aliandika.

Kwenye majaribio ya mleta mada: dhana ya No Markup inalingana na laptopu na simu. Ya komenti iliyomalizwa kwa Word 2016 hailingani, maana angeiona ya kijivu. Ila bado kuna swali la kwa nini laptopu yake iliingia No Markup yenyewe. Ndani ya settings.xml kuna alama inaitwa w:revisionView ambayo faili linaweza kusafiri nayo, ikabeba mwonekano wa aliyehifadhi. Naegemea huko.

Binti Kondoa #25
Au kuna mtu mwingine wa ofisini aliyegusa laptopu ile jioni akabadilisha mwonekano? Kwetu laptopu moja tunaitumia watu watatu.

Karani Makole #26
Hilo nalo siwezi kulikataa. Kuna mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anaitumia.

Alizeti ya Singida #27
Kwa nini mawakili wasitume PDF tu yaishe? Mimi mtu akinitumia Word naogopa atabadilisha bei.

Binti Kondoa #28
PDF haimalizi. Niliwahi kupokea PDF ya makubaliano ya kuachana na kazi kutoka kwa mwajiri mmoja. Ndani jina langu, kila kitu changu. Nikaifungua kwenye Chrome, juu kwenye kichupo pakaandikwa "Makubaliano" na jina la mfanyakazi mwenzangu aliyeondoka kabla yangu. Ndivyo nilivyojua naye aliondolewa kwa makubaliano, jambo ambalo walikuwa wanalikana. Nikaomba masharti yale aliyopewa yeye.

Fundi wa Nkuhungu #29
Hiyo ni Title. Inakaa kwenye taarifa za faili la Word, mtu anabadilisha jina la faili na maneno ya ndani lakini Title haigusi, na ukigeuza kuwa PDF inahama nayo. Kuna lingine: ukihifadhi kama PDF, ndani ya Options kuna chaguo la Document na la Document showing markup. La pili likiwa limechaguliwa, komenti zinachapwa kabisa pembeni ya ukurasa.

Na kufunika maneno kwa kisanduku cheusi ndiyo balaa zaidi. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort kule Marekani waliwasilisha PDF mahakamani yenye sehemu zilizofunikwa nyeusi. Watu wakaziburuza, wakanakili, wakabandika kwingine, maneno yote yakatoka. Kisanduku kilikuwa juu ya maandishi tu.

Wakili Area C #30
Na wakati wa majadiliano Word haikwepeki. Nikikutumia PDF, wewe utaniwekeaje mabadiliko yako? Fundi tuambie sisi tunaotuma tufanyeje, kwa maneno ya watu wa kawaida.

Fundi wa Nkuhungu #31
Kwanza toa nakala, usiguse faili la kazi, kwa sababu kinachofutwa hapa hakirudi.

Kwenye nakala weka All Markup uone kila kitu. Pitia mabadiliko moja moja, ukubali au ukatae. Kuna Accept All inayomaliza kwa mbofyo mmoja, lakini nimeona ikikubali kifungu ambacho bosi alikuwa amekikataa kwa mdomo. Kisha Delete All Comments in Document.

Baada ya hapo nenda File, Info, Check for Issues, Inspect Document. Ile inatafuta komenti zilizobaki, maneno ya Hidden, majina ya waandishi, Title. Bonyeza Remove All pale inapokuta kitu. Haitambui maandishi meupe kwenye ukurasa mweupe, hayo ni ya kutafuta mwenyewe: chagua maandishi yote kwa Ctrl+A, geuza rangi ya maandishi kuwa nyeusi, angalia kama kuna kilichojitokeza.

Mwisho fungua nakala hiyo kwenye simu kabla ya kutuma. Simu hii ya mleta mada imefanya kazi ambayo laptopu haikuifanya.

Mzee wa Kizota #32
Au chapa, skani, tuma. Kwenye karatasi hakuna komenti.

Wakili Area C #33
Kwa nakala ya mwisho ya kusaini, nakubaliana nawe kabisa Mzee. Kwa rasimu, hapana.

Karani Makole #34
Mrejesho wakuu. Nilimpigia bosi jana, sikumtajia namba. Amempigia mwenzake. Yule alishukuru, akaomba tufute, na leo ametuma rasimu mpya. Tumefuta ya kwanza kwenye laptopu, kwenye simu yangu na kwenye WhatsApp.

Ila sasa kuna jipya. Rasimu mpya bosi kaiwekea mabadiliko, mimi nikaweka yangu. Tulipohifadhi na kufungua tena, yote yameandikwa "Author". Hatujui lipi lake lipi langu.

Fundi wa Nkuhungu #35
Wamelisafisha kwa Inspect Document. Ikiondoa majina, inaacha pia agizo ndani ya faili kwamba kila likihifadhiwa majina yaondolewe, na agizo hilo limewafuata nyinyi. Nenda File, Info, utaona mstari "Allow this information to be saved in your file", bonyeza. Kuanzia hapo majina yatabaki. Yale yaliyokwishageuzwa kuwa Author hayarudi, mtayatenganisha kwa kukumbuka.

Mzee wa Kizota #36
Na kodi kwenye rasimu mpya ni ngapi?

Karani Makole #37
4,500,000 ileile. Mteja ameombwa na bosi aseme mwenyewe anachoweza kulipa, wanakutana Ijumaa.

Mzee wa Kizota #38
Basi asikubali kulipa miezi sita mbele hata wakimshushia. Mimi bado nasema ile komenti iliwekwa.

Wakili Area C #39
Mzee, mteja akiliamua hilo bila kuijua komenti, sina neno. Ukimpelekea wewe, tutarudi kwenye ubishi wa juu.